Nilikataa Magunia Mia na Kumi na Mbili

Duka la Adelfina liko Biharamulo mjini, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Lina kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, printa inayokwama kukiwa na unyevunyevu, na rafu ya madaftari. Adelfina alizaliwa Ngara, akaolewa Biharamulo, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na wasifu wao. Alijiamini, na alikuwa na sababu. Hakuna aliyepanga ukurasa kwa usafi kama yeye. Mteja alikuwa akitaja jina, tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma na kazi alizofanya, na baada ya dakika kumi na tano anatoka na karatasi mbili zilizonyooka, picha ya pasipoti ikiwa kwenye kona.

Siri ya dakika kumi na tano ilikuwa faili moja. Ndani yake maneno yote yalikuwa tayari: mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa. Chini yake, sehemu ya uzoefu wa kazi, kila mstari ulianza na "Nilikuwa na jukumu la" na nafasi wazi ya kujaza. Dereva, mwalimu, mpishi, mlinzi, wote waliingia humo wakatosha.

Jumatatu moja mwezi wa tano, mzee mmoja mwenye koti la kijivu aliingia dukani akiwa na bahasha kubwa kwapani. Alikuwa Bartholomayo, ofisa ushirika mstaafu, ambaye Kampuni ya Nafaka Mwamko ilikuwa imemwomba aongoze kamati ya kuajiri msimamizi wa ghala lao jipya la Runazi.

"Shikamoo mzee," alisema Adelfina.

"Marahaba mama. Nitolee kopi ishirini za tangazo hili. Tunatangaza nafasi upya."

Adelfina alilisoma tangazo wakati mashine ikipasha moto. Alilifahamu. Mwezi uliopita alikuwa amewaandikia watu wengi maombi ya nafasi hiyohiyo.

"Mbona upya, mzee? Watu hawakuomba?"

"Waliomba. Walikuwa tisini na nne." Bartholomayo alivuta kiti akaketi. "Tulipata wawili tu wa kuita kwenye usaili, na mmoja tayari amepata kazi Kahama. Naomba nikuulize, mama, usinielewe vibaya. Ni wewe uliyewaandikia wengi wao?"

"Huenda. Umejuaje?"

"Sijataja jina la mtu na sitataja. Lakini karatasi thelathini na nane zilikuwa na sentensi moja, neno kwa neno, hadi mkato uliokosewa baada ya 'ninayejituma'. Wachapakazi thelathini na nane, wote hawahitaji kusimamiwa. Nilimwambia mwenzangu, kama ni kweli, wilaya hii haihitaji wasimamizi."

Alisema kwa upole, bila kucheka, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi Adelfina. Alitaka kusema kwamba hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, lakini akakumbuka kwamba mtu asiyeitwa kwenye usaili hajui alikosea nini. Anarudi tu kijijini.

"Sasa mlitaka waseme nini?" aliuliza.

"Waseme walichofanya. Fomu yetu ya kuchuja ina visanduku vitano. Kupokea na kupima mazao. Kulinda ubora. Kupanga na kutunza mzigo. Kumbukumbu. Kufundisha wakulima. Nikisoma 'mchapakazi', nitoe alama kwenye kisanduku kipi? Na mtu akiniambia alikuwa na jukumu la ubora, amenieleza alichoagizwa. Hajaniambia kama alikifanya. Nimewahi kuwa na jukumu la kufagia ofisi mwaka mzima, na mwaka mzima haikufagiliwa."

Alilipia kopi zake, akaaga, akaenda kubandika tangazo kwenye mbao za soko. Maombi mapya yangepokelewa kwa siku kumi na mbili.

Adelfina alikaa akiitazama kompyuta. Miongoni mwa wale thelathini na nane kulikuwa na mtu mmoja aliyemkumbuka kwa jina, kwa sababu ilikuwa mara ya nne kumwandikia. Alikuwa Limi, mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Nyakahura, aliyekuwa karani wa ghala la chama cha wakulima kwa misimu saba, hadi chama kilipovunjwa na ghala likafungwa. Adelfina alitafuta namba yake kwenye daftari la wateja, akampigia.

*

Limi alifika kesho yake asubuhi na basi la kutoka Nyakahura, kanga imefungwa juu ya gauni, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya stendi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

"Dada Adelfina, umesema nije, nimekuja. Lakini sina hakika kama nitaomba tena. Mara nne ni nyingi."

"Mara nne zilikuwa zangu, si zako," alisema Adelfina. "Niliwapelekea maneno yangu. Wewe hawajakusikia bado. Keti. Leo silipwi."

Alimweleza yote aliyosema mzee Bartholomayo, pamoja na ule mkato. Limi alisikiliza, kisha akaomba aione karatasi yake ya zamani. Adelfina aliifungua kwenye kompyuta, wakaisoma pamoja:

*Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma. Nilikuwa na jukumu la kupokea mazao. Nilikuwa na jukumu la ubora wa mazao. Nilihusika na kumbukumbu za ghala. Nilisaidia katika shughuli nyingine za chama.*

"Huyu simjui," alisema Limi.

"Tuanze na hili la kwanza. Kupokea mazao. Ulikuwa unafanya nini hasa? Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuingia ghalani."

"Nilikuwa napokea mazao."

"Kwa mikono gani? Gunia limefika mlangoni. Kisha?"

Limi alianza polepole. Gunia likifika, kwanza alichoma bambo, kile chuma chenye mfereji kinachoingizwa guniani kutoa punje bila kufungua mshono. Alichoma juu, katikati na chini, kwa sababu kuna watu wanaoweka mahindi mazuri juu. Punje alizimwaga kwenye sinia, akatazama vumbi, wadudu, rangi, zilizooza. Kisha akapima unyevu kwa kipimo. Kisha mzani. Kisha stakabadhi.

"Kwa msimu mmoja magunia mangapi?"

"Mwaka mbaya elfu tatu na kitu. Mwaka mzuri elfu nne na mia mbili."

Adelfina alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amemwandikia mwanamke huyu mara nne na hakuwahi kusikia neno bambo. Alifuta mstari wa zamani na kuandika: *Nilichunguza, nilipima na kupokea magunia kati ya 3,000 na 4,200 ya mahindi na maharage kila msimu, kwa misimu saba.*

Limi aliusoma mara mbili. "Hilo ni kweli," alisema, kama mtu anayekubali kipimo cha mzani.

Kumbukumbu ziliwachukua muda mfupi. Limi alisema alipoanza kazi palikuwa na daftari moja tu, na mtu akiuliza rundo fulani liliingia lini, ilibidi wapekue kurasa zote kwa saa nzima. Akakata maboksi ya sabuni, akatengeneza kadi, akaning'iniza moja kwenye kila rundo: tarehe ya kuingia, idadi, unyevu, tarehe ya ukaguzi. Kwa kadi hizo ilikuwa rahisi kutoa kwanza mzigo ulioingia kwanza.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Nilichoka kupekua."

"Basi hapa tunaandika *nilianzisha*," alisema Adelfina, na vidole vyake vikaanza kukimbia. *Nilianzisha kadi ya kila rundo, nikapunguza muda wa kutafuta mzigo kutoka saa nzima hadi dakika chache.* Alianza kuonja utamu wa kazi hiyo. Akikumbuka kisanduku cha kufundisha wakulima, aliandika mstari mwingine haraka: *Nilianzisha mafunzo ya kukausha mahindi kwa wakulima wa kata.* Na mwingine: *Nilitokomeza sumukuvu katika ghala.*

"Futa hayo mawili," alisema Limi.

"Kwa nini? Yana nguvu."

"Mafunzo aliyaanzisha bwana shamba. Alihamishwa, mimi nikayaendeleza. Na sumukuvu huwezi kuitokomeza, dada. Ni sumu ya ukungu. Mahindi yakikaa na unyevu yanaivuta hata leo. Nilichofanya ni kuzuia mahindi mabichi yasiingie."

"'Niliendeleza' ni dogo kuliko 'nilianzisha'."

"Ni dogo lakini ni langu. Wakiniuliza ilikuwa siku gani nilipoanzisha, nitajibu nini? Bwana shamba mwenyewe yuko hai, wanaweza kumpigia simu."

Adelfina alifuta yote mawili, na kwenye mafunzo akaandika *niliendeleza*. Alijisikia kama mwanafunzi, jambo lililomtokea mara ya mwisho zamani sana, na cha ajabu hakuchukia. Alielewa kwamba tatizo la faili lake halikuwa udhaifu wa maneno peke yake. Neno kubwa lisilo la mwombaji mwenyewe lingekuwa bovu vilevile, ila lingeumbuka baadaye kidogo, kwenye usaili, mbele ya watu.

Ukabaki mstari wa ubora. *Nilikuwa na jukumu la ubora wa mazao.*

"Hapa ulifanya nini?" aliuliza Adelfina.

Limi aligeukia mlango. Nje, utingo alikuwa akiita abiria wa Ngara.

"Nilikataa," alisema hatimaye.

"Ulikataa nini?"

"Mahindi. Msimu wa mwaka elfu mbili ishirini na mbili mvua ilichelewa kukatika. Watu walivuna wakaleta moja kwa moja. Kipimo kinatakiwa kisizidi asilimia kumi na tatu na nusu, wao walikuwa na kumi na saba, kumi na nane. Nilikataa magunia mia na kumi na mbili. Mwenyekiti wa chama akanifuata, akasema nitakiharibia chama jina, watu watapeleka kwa walanguzi. Nikamwambia yakiingia haya yataozesha na yale makavu. Halafu nikawafuata wenye mahindi majumbani, nikawaonyesha kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, na kugeuza kila baada ya muda. Magunia tisini na saba yalirudi yakiwa makavu. Nikayapokea."

"Na kumi na tano?"

"Hayakurudi. Sita yalikuwa ya mayu." Limi aliitazama mikono yake. Mayu alikuwa mama mkwe wake, Kwandu, ambaye waliishi naye boma moja. "Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, watu wote wakiangalia. Nikachoma bambo kama kwa wengine. Kumi na saba na nusu. Nikamwambia, mayu, rudi nayo. Aliyauza barabarani siku hiyohiyo. Hakunisemesha mpaka Krismasi. Chakula nilikuwa nampelekea, anakipokea kwa mtoto."

Adelfina aliandika taratibu, akisoma kwa sauti: "*Nilizuia...*"

"Andika nilikataa."

"Limi, mdogo wangu. Mtu anaomba kazi halafu anaandika 'nilikataa'? Watadhani wewe ni mkorofi. Katika miaka kumi na moja sijawahi kuandika neno hilo kwenye wasifu wa mtu."

"Umesema wanataka nilichofanya. 'Nilizuia' hata mlango unazuia. Mimi nilisimama pale nikakataa, na iliniuma." Kisha akasema jambo ambalo Adelfina alikuja kulirudia kwa wateja wengi: "Kama kampuni hiyo haitaki karani anayekataa mahindi mabichi, bora nijue sasa hivi kabla sijahamia Runazi."

Mstari ukaandikwa: *Nilikataa magunia 112 ya mahindi yenye unyevu uliozidi kiwango msimu wa 2022, nikawafundisha wenyewe kuyakausha, na kupokea tena 97 yakiwa makavu.*

Neno mchapakazi liliondoka la mwisho. Adelfina alisita nalo, kwa mazoea. Aliuliza ni kitu gani kingemwonyesha mgeni kwamba Limi hupenda kazi, bila yeye mwenyewe kujisifu. Limi alisema hakujua, alikuwa akifungua ghala saa moja asubuhi kama wenzake. Wenzake walikuwa nani? Aah, karani alikuwa yeye peke yake. Siku ngapi alikosa? Alihesabu kwa vidole: siku za mapokezi, hakuna. Mtoto wake wa pili alizaliwa mwezi wa pili, ghala likiwa tupu.

*Nilifungua ghala saa moja asubuhi kila siku ya mapokezi kwa misimu saba bila kukosa*, aliandika Adelfina, na mahali pa neno lile la zamani hapakuhitaji kitu kingine. "Nilisaidia katika shughuli nyingine" nalo likawa *Nilihesabu mzigo wote kila Ijumaa pamoja na mlinzi na kuripoti tofauti siku hiyohiyo*. Kazi iliyodhaniwa itachukua dakika kumi na tano ilikuwa imekula saa tatu, na wateja wawili walikuwa wamechoka kusubiri wakaenda kwa jirani.

*

Siku zilizofuata Adelfina alibadili namna ya kufanya kazi. Akimpata mteja, alimpa kiti kwanza na kumuuliza maswali, kibodi akiwa ameisogeza pembeni. Dereva Niyonzima, aliyekuwa ameandikiwa "nilikuwa na jukumu la kuendesha gari la kampuni", aliondoka na *Niliendesha Fuso la tani saba kati ya Ngara na Mwanza kwa miaka mitano bila ajali*. Alisoma mstari huo, akacheka kwa mshangao, akauliza kama kweli ni yeye. Wengine walinung'unika kwa kucheleweshwa.

Mmoja alikasirika. Alikuwa Rogasian, aliyekuwa mlinzi wa ghala lilelile la Nyakahura. Alikuwa amesikia kwamba Limi ameandikiwa wasifu mpya.

"Niwekee yale maneno ya Limi," alisema. "Tulikuwa naye ghala moja."

"Ulikataa mahindi wewe?"

"Nilikuwepo akikataa."

"Basi nieleze ulichofanya wewe wakati huo."

Rogasian alisema yeye hakuja kuhojiwa kama polisi, amekuja kuchapiwa karatasi. Adelfina alimjibu kwa utulivu kwamba maneno ya Limi hayauzwi, ila yake yapo, wakiyatafuta. Mlinzi akatoka nje, akazunguka stendi, akarudi baada ya nusu saa. Ilikuja kujulikana kwamba kwa misimu minne alikuwa amekagua kila gari lililotoka ghalani na kulinganisha mzigo na hati, na kwamba mara mbili alizuia magari yaliyopakia zaidi. Adelfina aliandika hayo, akamshauri aombe nafasi ya ulinzi iliyokuwa kwenye tangazo hilohilo, mstari wa chini, ambayo Rogasian hakuwa ameisoma.

*

Limi aliitwa kwenye usaili. Walikuwa watu sita, katika chumba cha kukodi karibu na soko, na kila mmoja aliingia peke yake. Mezani walikaa watatu: mzee Bartholomayo, kijana wa kampuni aliyeandika tu, na mama mmoja mnene mwenye miwani, Scholastika, mtaalamu wa maghala kutoka Mwanza. Karatasi ya Limi ilikuwa mbele ya kila mmoja, na aliona kwamba Scholastika alikuwa amepigia mistari kalamu nyekundu. Kila mstari uliopigwa wekundu aliufahamu.

"Umeandika ulichunguza magunia," alisema Scholastika, bila salamu ndefu. Pembeni palikuwa na gunia la mahindi na bambo. "Tuonyeshe."

Limi alisimama. Alichoma juu, katikati na chini, akamwaga punje kwenye karatasi, akazitandaza kwa kiganja. Alisema kwa gunia moja hiyo inatosha, ila kwa mzigo wa gari zima angechoma magunia ya pande zote, si yale ya mlangoni tu. Kisha akainama, akatenga punje nne. "Hizi zimetobolewa. Ni dumuzi. Gunia hili lisikae karibu na mengine."

Kijana wa kampuni aliacha kuandika akalitazama gunia.

"Kipimo cha unyevu kikiharibika katikati ya msimu?" aliuliza Scholastika.

"Kiliwahi kuharibika. Nilitumia chupa na chumvi. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, mahindi kiasi, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi ni mabichi. Lakini isipoganda haina maana kwamba yamefika kumi na tatu na nusu. Inakuambia tu kwamba yako chini ya kumi na tano hivi. Kwa hiyo niliitumia kuwarudisha watu mapema wasipoteze muda. Kuingiza ghalani nilisubiri kipimo kitengenezwe."

"Umeandika uliendeleza mafunzo. Nani aliyaanzisha?"

"Bwana shamba wa kata."

Scholastika aliweka alama ndogo. Mzee Bartholomayo, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alivua miwani yake.

"Mama Limi, nimesoma karatasi nyingi katika maisha yangu. Hili neno sijawahi kulikuta. 'Nilikataa.' Kwa nini hukuchagua neno jingine?"

"Kwa sababu ndilo nililolifanya, mzee. Kupokea kila mtu anaweza, hata mlango ukiachwa wazi. Ghala linaharibiwa na gunia moja ulilolipokea kwa kumwonea mtu haya."

"Magunia tisini na saba yalirudi. Kumi na tano hayakurudi. Yalikuwa ya nani hayo?"

Alijua swali hilo lingekuja. Alikuwa amelala na kuamka nalo kwa wiki nzima. "Tisa yalikuwa ya wakulima watatu wa Nyakahura. Sita yalikuwa ya mama yake mume wangu."

Scholastika aliweka kalamu chini.

"Na mkaendelea kuishi naye?"

"Tunaishi naye mpaka leo. Msimu uliofuata alileta magunia nane. Kumi na tatu kamili. Aliyaanika yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie."

Scholastika alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kicheko kifupi cha mtu anayewafahamu mama wakwe. Baada ya hapo waliuliza maswali mawili madogo kuhusu tarehe, wakamwambia aende nyumbani asubiri simu.

*

Simu ilipigwa Alhamisi, saa nne asubuhi, Limi akiwa anapalilia mihogo. Alisikiliza, akasema asante mara tatu, akasimama katikati ya shamba jembe likiwa begani. Kwandu, aliyekuwa akichambua maharage kivulini, alimwona.

"Kuna nini?"

"Nimepata, mayu. Msimamizi wa ghala, Runazi."

Mama mkwe aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Na huko utawarudisha watu na mikokoteni yao?"

"Wakileta mabichi, ndiyo."

"Mm." Akatupa jiwe jingine. "Waambie watandike turubai. Ardhi inarudisha maji usiku." Kisha akainuka, akaingia ndani kumwekea akiba ya maharage ya safari, ingawa safari ilikuwa wiki mbili mbele.

Jioni Limi alimpigia Adelfina, ambaye alipiga kelele dukani hadi watu wa stendi wakachungulia. Rogasian naye aliitwa, kwa nafasi ya ulinzi, na akaambiwa yuko wa pili kwenye orodha. Aliikubali habari hiyo vizuri kuliko alivyotarajiwa.

Wiki mbili baadaye Limi alihamia Runazi na mwanawe mdogo, kitanda kikiwa kimefungwa juu ya pikapu ya kukodi na godoro likiwa limekunjwa mapajani mwake. Mume wake angefuata baada ya mavuno. Alipanga chumba nyuma ya duka la sukari na mafuta ya taa, dakika tano kwa miguu kutoka ghalani. Asubuhi ya kwanza alikuta jengo jipya likinuka saruji, chaga za mbao za kupangia magunia zikiwa zimerundikwa ukutani, na fundi akimalizia bawaba ya mlango. Alimsalimu, akavua viatu, akaanza kuburuta chaga moja moja hadi katikati ya sakafu, akiacha nafasi ya mtu kupita kati ya kila mstari na ukuta. Fundi alimuuliza kama bosi amekwisha kufika.

"Amefika," alisema Limi. "Nishikie upande huo."